Aliyefariki na Aliyekufa

Mwaka ule kazi yangu ilikuwa kufasiri maswali. Shirika moja lilikuja kwetu Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, kuuliza watu kuhusu vifo: nani aliondoka katika kila nyumba, kwa ugonjwa gani, na kama alifikishwa hospitalini au la. Maswali yalikuja yameandikwa kwa Kiingereza, na mimi nilitakiwa kuyatia katika Kiswahili. Walinichukua mimi kwa sababu nilisoma ng'ambo, upande wa Kigoma, miaka ile familia nyingi za kwetu zilipovuka ziwa kukimbia vita. Huko nilijifunza Kiingereza, na Kiswahili cha vitabu pia. Niliporudi, majirani walicheka kila nilipofungua kinywa. Walisema nazungumza kama redio.

Ofisi ilikuwa chumba cha juu katika nyumba ya zamani ya Wabelgiji, yenye dirisha linalotazama reli. Nilifika asubuhi, nikakaa, nikafasiri, nikarudi nyumbani. Watu waliniuliza kama sioni vibaya kukaa na vifo kutwa nzima. Nilijibu kwamba ni maneno tu. Sikuwa nasema uongo. Wakati ule mambo mengi yalinipita mbele bila kunigusa, kama mtu aliyekalia mguu wake hadi ukafa ganzi: anauona ni wake, akiubana hausikii.

Swali la kwanza la karatasi ile lilikuwa ndilo mlango wa maswali yote. Liliuliza kama katika miaka mitatu iliyopita kuna mtu wa nyumba hiyo aliyeaga. Ukijibu ndiyo, mwulizaji anafungua kurasa kumi na mbili na kukuuliza kila kitu. Ukijibu hapana, anaziruka zote na kwenda kwenye ukurasa wa mwisho, wa maji na vyoo. Basi yote yalikaa juu ya kitenzi kimoja. Waingereza wanacho kimoja tu kwa kazi ya kila siku. Sisi tunavyo viwili, kufa na kufariki, bila kuhesabu vile vya kuzunguka.

Mimi niliandika *aliyefariki*. Sikufikiri sana. Ndilo neno nililofundishwa kuandika katika barua, ndilo linalosomwa katika matangazo. Ni neno lililonyooshwa pasi.

Tulikuwa watatu wa kupitia tafsiri. Wa pili alikuwa katekista mzee wa parokia yetu, mtu wa kofia na viatu vilivyong'arishwa, ambaye kwa miaka mingi alisoma matangazo ya misa. Wa tatu alikuwa muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliyefanya kazi muda mrefu huko milimani Kirungu kabla ya kuhamia mjini.

Muuguzi aliposoma swali la kwanza aliweka kidole juu ya neno.

"Mama, hapa weka *alikufa*," aliniambia. "Kule Kirungu ukiuliza mama wa shamba habari ya kufariki, anakuangalia tu."

Katekista alivua miwani, akajibu kwa Kiswahili chetu, ambamo *ndio* ni *njo*. "Hapana. Mbuzi njo inakufa. Redio njo inakufa. Muntu anafariki."

"Papa, tunatafuta watu watuelewe."

"Watatuelewa na heshima yao. Unaingia mu nyumba ya muntu, haumujue, unamuuliza muzazi wake alikufa lini? Atakufukuza." Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa mtu wa vitabu. "Na kufariki njo nini, mama? Njo kuachana. Kutengana. Wale walikaa pamoja, mumoja anaondoka. Hilo njo neno la muntu."

Alikuwa sahihi kuhusu asili ya neno. Watu wawili dhidi ya mmoja, basi *aliyefariki* likabaki.

Kulikuwa na hatua moja ya kutuhakikishia. Mkuu wa kazi, mwanamke wa kigeni aliyejua Kiingereza na Kifaransa cha kutosha kununua nyanya, alimpa mtu mwingine tafsiri yangu airudishe katika Kiingereza bila kuona maswali ya mwanzo. Kisha akalinganisha karatasi mbili. Swali la kwanza lilirudi lilivyokwenda, neno kwa neno. Akaweka alama ya kukubali. Sikumlaumu baadaye, na sikujilaumu. Ukirudisha *kufa* katika Kiingereza unapata neno lile lile, ukirudisha *kufariki* unapata neno lile lile. Kipimo kile hakina macho ya kuona kwamba neno moja limevaa suti na jingine liko peku.

Tulienda kujaribu maswali katika mtaa mmoja ng'ambo ya daraja la mto Lukuga. Nilifuatana na mwulizaji, msichana aliyemaliza chuo cha ualimu, ili nisikilize maneno yanavyopokelewa. Katika nyumba ya tatu tulimkuta mama kijana anaanika ndakala, dagaa wa kwetu, juu ya wavu, na mtoto wa miezi kama minane mgongoni. Alitupa viti viwili, yeye akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Mwulizaji alisoma vizuri. "Mama, katika miaka mitatu iliyopita, kuna mtu wa nyumba hii aliyefariki?"

"Hapana. Tuko wazima wote, tunashukuru Mungu."

Mwulizaji aliruka kurasa kumi na mbili. Aliuliza wanachota maji wapi. Ziwani. Aliuliza kama wana choo. Walikuwa na cha jirani. Mahojiano yalikwisha kabla kivuli hakijasogea. Mama kijana akatuletea maji ya kunywa, na mimi, kwa kutaka kusema neno tu, nikamwambia mtoto wake ana afya nzuri.

"Huyu amekaza," alisema, akimpangusa pua. "Ule wa kwanza angekuwa na karibu miaka mitatu sasa."

"Angekuwa?"

"Nilizala wawili mbele ya huyu. Walikufa."

Mwulizaji alinitazama. Mimi nilitazama kikombe.

"Mama, tulikuuliza kama kuna mtu aliyefariki," nilisema. "Ulituambia hapana."

Hakuona haya, wala hakuona kosa. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Muliniuliza muntu alifariki. Kufariki njo papa mukubwa, mama mukubwa. Wale wanatangaza ku kanisa, watu wanakuja ku kilio, wanalala inje siku tatu. Hawa wangu, mumoja wiki moja, mwingine siku mbili. Hawakufariki. Walikufa tu."

*Walikufa tu.* Niliandika maneno hayo katika daftari langu pembeni, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mkono wangu uliandika vizuri. Nakumbuka nilitazama herufi na kuona zimekaa sawa kwenye mstari.

Sasa lazima niseme jambo ambalo siku ile sikumwambia mtu. Mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya hapo mimi mwenyewe nilizaa mtoto wa kike. Alilia alipotoka, akanyonya siku mbili, siku ya tatu akakataa ziwa, ya nne asubuhi mwili ukawa umepoa. Mama mkwe alikuja na mwanamke mwingine wa ukoo, wakamfunga katika nusu ya kitenge changu, wakaenda naye. Hawakuniambia wapi na sikuuliza. Hapakuwa na kilio. Mama mkwe aliniambia nisilie sana, kulia kunafunga tumbo. Mume wangu, anayetengeneza mota za mitumbwi bandarini, alirudi kazini kesho yake, na watu wakaendelea kunisalimia kama zamani. Walisema mtoto "amerudi". Walisema "pole ya uzazi". Hakuna aliyetumia kitenzi chochote kati ya vile viwili, na mimi pia sikutumia.

Nilipokuwa naandika *aliyefariki* ofisini, sikumfikiria hata kidogo. Hilo ndilo nililoligundua nikiwa nimeshika kikombe cha yule mama. Kama mwulizaji angekuja kwangu na swali nililoliandika mimi mwenyewe, ningejibu hapana. Ningejibu hapana kwa moyo safi, na angeniuliza habari za choo.

Nililigundua hilo na halikuniuma. Nilimshukuru mama kwa maji, tukaenda nyumba ya nne.

Jioni nilimweleza mkuu wa kazi. Alinisikiliza, kalamu mdomoni.

"Lakini ni maneno yale yale," alisema. "Yamerudi yote mawili sawa."

"Maana ni moja," nilimjibu. "Tofauti ni mtu gani anastahili neno gani. *Kufariki* ni neno la adabu, watu wamelizoea kwa wakubwa na kwa matangazo. Kichanga hawampi."

"Na *kufa*?"

"*Kufa* ni la wote. Watu, kuku, simu."

"Basi tumia la wote."

Kwa hesabu zake ilikuwa kweli kabisa. Alihitaji neno lisilomwacha mtu nje. Jioni ile ile, kabla ya kufunga ofisi, nilikuwa nimebadilisha kila *kufariki* kuwa *kufa* katika kurasa zote. Zilikuwa sehemu arobaini na kitu. Muuguzi alipoona alitikisa kichwa kwa kuridhika. Katekista alisoma ukurasa mmoja, akarudisha karatasi mezani, akavaa kofia yake.

Tukarudi ng'ambo ya daraja na karatasi mpya. Nyumba mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Katika moja tuliambiwa habari za mtoto wa siku kumi bila kuchimba. Ya tatu ilikuwa ya mzee aliyestaafu kazi ya reli. Alikuwa ameketi mlangoni anakata majani ya muhogo mwenyewe, taratibu, kama mtu asiyezoea kisu kile. Swali la kwanza alijibu ndiyo, bibi yake. Kwetu bibi ni mke, si nyanya. Mwulizaji alifungua kurasa zake.

"Papa, bibi yako alikufa lini?"

Kisu kilisimama. "Rudia."

Msichana alidhani mzee hasikii vizuri. Alirudia kwa sauti kubwa zaidi, kila silabi mahali pake. "Bibi yako alikufa lini?"

"Kuku njo alikufa," mzee alisema. "Jana, kuku yangu mumoja alikufa. Bibi yangu alifariki. Nimekaa na yeye miaka makumi tatu na nane, alinizalia watoto saba, wewe unakuja hapa na karatasi unaniambia alikufa?"

"Papa, utusamehe, ni neno tu lili..."

"Wazazi wako hawakukufundisha?"

Akaokota sinia yake ya majani, akaingiza na kiti, akafunga mlango. Si kwa kishindo. Tulisikia komeo likipita. Mwulizaji alianza kulia palepale uani, maana alikuwa amelelewa vizuri na hajawahi kuulizwa swali kama lile. Nilimshika begani. Nilimwambia kosa si lake, ni langu mimi niliyeandika. Niliyasema hayo nikisikia sauti yangu kama inatoka kwenye nyumba ya jirani.

Kesho yake asubuhi nilirudi kwa yule mzee peke yangu. Nilipiga hodi, nikapiga magoti kidogo kama inavyostahili, nikasema: "Papa, jana tulikukosea. Nimekuja kuwapa pole kwa mama wa nyumba hii aliyefariki." Alisukuma mlango ukafunguka wote. Kisha akanitolea kiti. Aliniambia yote, tangu homa ilipoanza hadi saa aliyofumba macho, pamoja na majina ya dawa, na jinsi walivyomngoja daktari. Katika maelezo yake marefu, nilihesabu, alitumia *kufa* mara mbili. "Nilijua atakufa," alisema mahali pamoja. Lakini hilo lilikuwa lake. Mwenye maiti ana ruhusa ya neno ambalo mgeni hana.

Tulikaa tena watatu mezani, na mkuu wa kazi akiwa wa nne. Katekista hakusema "niliwaambia". Muuguzi pia hakusema, ingawa kila mmoja wao alikuwa na haki ya kusema. Niliweka mezani nilichokiandika, safari hii na *ao* ya kwetu badala ya *au* ya vitabu. Swali la mlango lingegawanywa. Kwanza: *Kuna mtu yeyote wa nyumba hii, mkubwa ao mdogo, aliyefariki?* Halafu, hata kama jibu ni hapana, kabla ya kuruka ukurasa wowote: *Na kuna mtoto aliyezaliwa hai, akalia ao akapumua, hata kama aliishi saa moja tu, kisha akafa?* Katika kurasa zilizofuata nilichapa maneno yote mawili, yametenganishwa na mstari, na juu nikaandika maagizo kwa waulizaji: sikiliza neno la mwenye nyumba, lishike hilo, usilibadilishe hadi mwisho. Akisema mama amefariki, wewe sema amefariki. Akisema mtoto alikufa, usimsahihishe.

"Na asiposema neno?" aliuliza muuguzi. "Akisema amerudi, ametuacha, Mungu amechukua?"

"Basi mwulizaji naye aseme hivyo hivyo."

Mkuu wa kazi aliuliza kama hiyo haitawachanganya waulizaji. Katekista alimjibu kwa Kifaransa chake cha misheni kwamba waulizaji wote wamezaliwa na mama zao, hawatachanganyikiwa.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa parokia, wiki mbili baadaye. Waulizaji ishirini na mmoja walikaa wawili wawili wakihojiana kwa zamu, mmoja akijifanya mwenye nyumba. Kwa kuwa hesabu haikugawanyika, msichana mmoja alibaki bila mwenzi, na mimi nikaombwa nikae naye. Alikuwa mchangamfu, mzaliwa wa mji wa Manono, mwenye mwandiko mzuri. Katekista alikuwa nyuma yetu anapanga karatasi.

Niliamua nijibu hapana kwenye maswali yote mawili, kwa sababu nilitaka kuona kama atauliza la pili au ataruka. Wengi walikuwa wanaruka.

"Mama, kuna mtu yeyote wa nyumba hii, mkubwa ao mdogo, aliyefariki?"

"Hapana."

Hakuruka. Alinyanyua macho, akauliza kwa upole kama tulivyomfundisha. "Na kuna mtoto aliyezaliwa hai, akalia ao akapumua, hata kama aliishi saa moja tu, kisha akafa?"

Lilikuwa swali langu. Nililijua kila koma. Nilifungua kinywa niseme hapana, na nikasikia nimesema:

"Ndiyo. Mmoja."

"Pole, mama." Aliandika. "Alikuwa mwanaume ao mwanamuke?"

"Mwanamke."

"Alikufa akiwa na siku ngapi?"

"Nne."

"Alilia alipozaliwa?"

"Alilia."

"Alinyonya vizuri?"

"Siku mbili. Ya tatu alikataa."

Aliniuliza yote. Kama mwili ulikuwa wa moto, kama kitovu kilikuwa na usaha, kama alikakamaa, kama nilimpeleka mahali. Kurasa zilikuwa zinageuka. Nilikuwa najibu kama mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyomo ndani ya gari. Hapana mtu aliyewahi kuniuliza maswali yale, na majibu yote yalikuwepo, yamepangwa, hakuna hata moja nililolitafuta. Katika swali la mwisho aliniuliza alizikwa wapi, nikasema sijui. Aliinua kalamu, hakujua aandike nini, kwa sababu katika karatasi hakuna kisanduku cha mama asiyejua.

Kisha akacheka kwa furaha na kufunga karatasi.

"Mama, unajua kuigiza! Kidogo nilie."

"Umeuliza vizuri," nilimwambia. "Hukuruka."

Alikwenda kunywa chai na wenzake. Mimi nilibaki nimekaa. Ningependa kuandika kwamba nililia, lakini sikulia. Nilikuwa nasikia baridi miguuni, na nilikuwa nafikiria kwamba kisanduku kile inabidi kiongezwe.

Katekista alivuta kiti, akakaa karibu nami, si sana. Alikuwa amesikia. Hakuniuliza kama ni kweli.

"Wakati ule," alisema, "hamukuniletea jina lake nilitangaze."

"Hakubatizwa, papa. Hata jina hakupata."

"Hamukuniletea."

"Ungelitangaza?"

Alifikiria sana, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema uongo. "Wakati ule sijui," alisema. "Pengine ningekuambia majina ya watoto kama hao hayaandikwi. Njo vile tunafanya." Aligeuza kofia yake mikononi. "Lakini mimi njo nilikuambia kufariki ni kuachana, wale walikaa pamoja. Wewe na ule mutoto mulikaa miezi tisa na siku ine. Basi muliachana. Uniruhusu Jumapili nimusome."

Nilimwambia nitamwuliza mume wangu. Jioni hiyo, tukila, nilimwuliza. Alikuwa na grisi kwenye kucha kama siku zote. Alitafuna, akameza, akasema, "Asome." 

Jumapili tulikaa kwenye benchi la katikati. Baada ya komunyo katekista alisimama mbele na karatasi yake, akatangaza ndoa mbili, mkutano wa kina mama, usafi wa kanisa. Kisha akafika kwa wale wa kuombewa. Alimsoma mzee mmoja wa bandarini, akamsoma mwalimu mmoja mstaafu. Kisha, kwa sauti ile ile, bila kuipandisha wala kuishusha, akasoma: "Tumuombee pia mutoto mwanamuke wa familia yetu moja ya parokia, aliyefariki akiwa na umri wa siku ine."

Watu wachache waligeuza shingo. Hakutaja sisi ni nani, lakini Kalemie si mji wa kuficha vitu. Mama aliyekuwa pembeni yangu aliweka mkono wake juu ya mkono wangu na kuuacha hapo. Nilikuwa nautazama mkono ule, pete yake nyembamba, na nilikuwa nangoja kitu kinipate. Hakikunipata. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kidogo, na mimi nikampa leso niliyokuwa nayo, kama ninavyompa mtu mwingine yeyote.

Tuliporudi, tukishika njia ya kando ya reli, aliniuliza: "Ilikuwa ine? Miye nilihesabu tano."

"Nne," nilisema. "Ya tano njo ile siku ulirudi kazini."

"Ah," alisema. "Ile nilihesabu."

Tukatembea. Baada ya muda akaniambia kwamba anajua mahali alipozikwa. Mama yake alikuwa amemwambia kitambo, yeye alidhani sitaki kujua. Ni juu kidogo ya shamba la mihogo la shangazi yake. Nilimwambia tutaenda. Tulikwenda, lakini si juma lile.

Jumapili iliyofuata katekista alikuwa na watoto wawili kwenye karatasi yake. Iliyofuata, watano. Kina mama walikuwa wanamngoja nje ya sakristia, wengine na vichanga vilivyopotea kabla mimi sijazaliwa, mama kikongwe mmoja na mapacha aliowazaa zamani, enzi za kazi ya reli. Hawakuwa wanaomba misa, hata wengi hawakuwa na majina ya kutoa. Walikuwa wanataka wasomewe kwa neno lile, *aliyefariki*. Padri alilalamika kwamba matangazo yanarefuka kuliko mahubiri, akaamuru yasomwe mara moja kwa mwezi. Katekista akatii. Akanunua daftari.

Uchunguzi ulikwisha wakati mvua zilipoanza. Karatasi zilipandishwa ndege kwenda mbali, na sikuletewa majibu. Mkuu wa kazi alinishukuru kwa barua nzuri, akaondoka. Nilipata kazi nyingine ya kufasiri, ya kilimo, mbegu na mbolea, maneno ambayo hayamkasirishi mtu. Siku moja, nikiwa katikati ya ukurasa kuhusu magonjwa ya muhogo, nilikutana na sentensi kuhusu mche unaokauka na kufa katika siku zake za mwanzo. Niliandika *kufa*. Ndilo neno lake, la mche. Kisha nikaweka kalamu chini na kulia hadi saa ya kwenda nyumbani, na mwenzangu wa ofisini, asiyejua lolote, akaenda kuniletea maji.